Askari wanazunguka ukuta na njia fupi ipo wazi: kisa cha A-star na makadirio yaliyozidi

Wakuu, kuna jamaa anatengeneza gemu ya mkakati ya kulinda ngome, anatumia Godot, programu ya kutengenezea gemu, ramani yake ni gridi ya visanduku 96 kwa 96, askari wanaweza kwenda pande nane yani juu chini kushoto kulia na kimshazari. A-star, ile kanuni ya kutafuta njia fupi, ameiandika mwenyewe, inafanya kazi, askari hawagongi ukuta, wanafika wanakotumwa. Sema kuna kitu kinamsumbua, mara nyingine ukimtuma askari sehemu anachukua njia ndefu wakati njia fupi iko wazi kabisa mbele yake, na haitokei kila mara, inategemea ukuta umekaaje. Akanitumia ramani na msimbo, "kaka niangalizie, mi nahisi foleni yangu ndo mbovu".

Foleni haikuwa na shida. Nieleze kisa chote hapa maana hii hitilafu ni ya kawaida kinoma, na ubaya wake gemu haigomi wala haitoi kosa lolote kwenye skrini.

Kwanza tukumbushane kidogo A-star inafanyaje, kwa wale ambao wameitumia tu bila kuifungua. Ilitoka 1968, walioiandika ni Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael wa Stanford Research Institute kule Kalifonia, walikuwa wanashughulikia roboti inaitwa Shakey iliyotakiwa ijipangie njia yenyewe. Kila kisanduku kinapewa namba tatu. `g` ni gharama uliyokwishatumia toka mwanzo mpaka hapo, hiyo ni hesabu ya kweli. `h` ni makadirio ya kilichobaki mpaka mwisho, hii ni ya kukisia. Afu `f = g + h`, yani bei ya safari nzima ukipitia hapo. Visanduku vyote ulivyoviona ila hujavifungua vinakaa kwenye foleni, na kila raundi unatoa chenye `f` ndogo kuliko vyote, unafungua majirani zake, unawapa namba zao, unawaweka kwenye foleni. Siku kisanduku unachokiendea kikitoka kwenye foleni umemaliza, unarudi nyuma ukifuata nani alimleta nani na hiyo ndo njia.

Gharama za hatua jamaa alikuwa ameziweka vizuri, hatua ya kunyooka 10, hatua ya kimshazari 14. Hii 14 inatokana na kipeuo cha pili cha 2 ambacho ni kama 1.414, unazidisha kwa 10 na kuacha desimali ili ubaki na namba kamili, watu wengi wanafanya hivyo. Tatizo lilikuwa hapa:

```gdscript
func h(a: Vector2i, b: Vector2i) -> int:
    var dx = absi(a.x - b.x)
    var dy = absi(a.y - b.y)
    return 10 * (dx + dy)
```

Hayo yanaitwa makadirio ya Manhattan, unajumlisha visanduku vya kwenda pembeni na vya kwenda chini. Ni mazuri sana ila ni ya gridi ya pande nne. Huyu askari wake anaenda pande nane. Kisanduku kilichopo kimshazari jirani yako kabisa, Manhattan inasema kimebaki 20, wakati ukweli ni 14. Kwa hiyo makadirio yamezidi ukweli, na A-star ina sharti moja kubwa, `h` isizidi kamwe gharama halisi iliyobaki. Ikipungua hamna neno, utafungua visanduku vingi zaidi lakini njia utakayopata ndo fupi kuliko zote. Ikizidi, hakuna anayekuhakikishia chochote.

Hilo la "isizidi" liko kila mahali mtandaoni, watu wanalisoma wanaitikia wanapita, ila ukiliona likitokea kwenye gridi ndogo ndo linaingia. Nilikata kipande cha ramani yake nikakipunguza mpaka kikabaki hiki, safu saba kwa mistari minne na ukuta wa visanduku viwili tu. Namba ya kwanza ni safu, ya pili ni mstari.

```
    0 1 2 3 4 5 6
0   S . . . . . .
1   . . # . . . .
2   . . # . . . .
3   . . . . . . G
```

S ndo askari alipo, G ndo anakotumwa. Kanuni ya ziada ni kwamba haruhusiwi kukata kona ya ukuta, yani hatua ya kimshazari inakubalika tu kama visanduku viwili vya pembeni yake vyote viko wazi (nitairudia hii baadaye). Kwa macho tu unaona njia nzuri, anyooke hatua tatu mpaka (3,0) afu ashuke kimshazari mara tatu mpaka G. Gharama ni 30 jumlisha 42, jibu 72, na hamna njia yoyote chini ya hapo hata kama ukuta usingekuwepo.

Sasa endesha A-star na makadirio yake ya Manhattan. Unafungua S. Jirani (1,0) ana `g` 10 na `h` 80, `f` ni 90. Jirani (0,1) naye 90. Jirani wa kimshazari (1,1) ana `g` 14 na `h` 70, `f` ni 84. Ona kilichotokea, hatua ya kimshazari imelipiwa 14 lakini makadirio yameshuka 20, kwa hiyo ni kama amepewa zawadi ya 6 na bei ikashuka. Anatoka (1,1) kwenye foleni. Mbele yake (2,1) ni ukuta, anashuka (1,2), `g` 24 `h` 60, bado 84. Anashuka (1,3), bado 84, maana hatua ya kunyooka kuelekea G inaongeza 10 kwenye `g` na kupunguza 10 kwenye `h`. Kimshazari kwenda (2,3) haruhusiwi kwa sababu ya kona ya ukuta. Basi ananyooka chini kabisa (2,3), (3,3), (4,3), (5,3), kila kimoja `f` yake 84, mpaka G anafika na `g` 84. Kwenye foleni chenye bei ndogo kuliko vyote ni G na 84 yake, anatolewa, kazi imeisha, njia imerudishwa. Gharama 84 wakati ya kweli ni 72.

Na (1,0) yuko wapi? Bado yuko kwenye foleni na bei ya 90. Hapo ndo roho ya hitilafu nzima. Kisanduku ambacho ndo mlango wa njia bora, ambacho ukipitia hapo utalipa 72, kimebandikwa 90 kwa sababu makadirio yanahesabu zile hatua tatu za kimshazari za mwishoni kama hatua sita za kunyooka. Zamu yake haikufika. A-star haikosei kuchagua bei ndogo, imechagua vizuri tu, bei ndo zilikuwa za uongo.

Ndo maana pia haitokei kila mara. Uwanja ukiwa wazi, njia zote zenye hatua za kimshazari zinalingana kwa hiyo utapata 72 hata kwa Manhattan. Inabidi ukuta ukae namna ya kuifanya hatua ya kwanza ya kimshazari iwe mtego, yani inaonekana nafuu mwanzoni afu mbele inakulazimisha kunyooka tu. Kwenye ramani ya ngome yenye kuta na vichochoro mitego hiyo iko mingi.

Dawa ni mstari mmoja:

```gdscript
    return 14 * mini(dx, dy) + 10 * absi(dx - dy)
```

Hii inaitwa oktaili. Unahesabu kwanza hatua ngapi za kimshazari zinawezekana, ambazo ni ile ndogo kati ya `dx` na `dy`, kinachobaki unanyooka. Hiyo ndo gharama halisi kama kusingekuwa na kizuizi hata kimoja, na kwa kuwa vizuizi vinaweza kuongeza tu gharama wala haviwezi kuipunguza, makadirio haya hayazidi kamwe. Rudia gridi ile ile: S ana 72. (1,0) ana 10 jumlisha 62, 72. (1,1) ana 14 jumlisha 58, naye 72. Wanalingana, kwa hiyo huenda ukafungua (1,1) kwanza, hamna shida, maana akishuka (1,2) bei inapanda mpaka 78 na hapo zamu inarudi kwa (1,0). Kutoka hapo (2,0) ni 72, (3,0) ni 72, (4,1), (5,2), G, zote 72. Njia sahihi, na kazi ya ziada ni kisanduku kimoja tu.

Wengine wanaweka oktaili afu wanaona utafutaji umepungua kasi kwenye ramani kubwa, wanarudi Manhattan. Ni kweli kabisa, makadirio yaliyozidi yanaikimbiza A-star kuelekea mwisho na inafungua visanduku vichache. Kwenye gemu hilo linaweza kuwa uamuzi halali, kuna wanaozidisha `h` makusudi. Ila ujue unachouza. Ukizidisha makadirio sahihi kwa 1.2, njia haitazidi ile bora kwa zaidi ya asilimia 20, hiyo imethibitishwa kihesabu. Manhattan kwenye pande nane inaweza kuzidi mpaka 20 kwa 14, yani kama asilimia 43. Mimi kama ni kuzidisha ningeanza na oktaili nikaizidisha namba ninayoijua, ili niweze kuirekebisha siku wachezaji wakilalamika.

Jamaa akabadilisha mstari, askari wakanyooka, akafurahi. Afu baadae akaongeza barabara. Kisanduku cha barabara ukiingia unalipa nusu, 5 kunyooka na 7 kimshazari, wazo lake mchezaji akijenga barabara majeshi yaende haraka. Akaja tena, "kaka askari hawapandi barabarani, wanatembea pembeni yake wanaiangalia tu".

Ugonjwa ni ule ule. Chukua askari anayeenda visanduku 8 mbele kwenye uwanja wa kawaida, na barabara imelala sambamba naye mstari mmoja tu pembeni. Akinyooka uwanjani analipa 80. Akipanda barabara kimshazari analipa 7, anatembea sita kwa 5 ni 30, anashuka kimshazari kurudi uwanjani 14, jumla 51. Tofauti kubwa sana hiyo. Lakini oktaili ya 10 na 14 inaipa hatua ya kwanza ya barabarani `g` 7 na `h` 74, jumla 81. Hatua ya uwanjani ina 10 na 70, jumla 80, na inabaki 80 hiyo hiyo mpaka mwisho. Kwa hiyo kwa tofauti ya 1 tu askari ameikataa barabara ambayo ingemwokolea 29.

Sababu ni kwamba makadirio bado yanaamini kila hatua ni 10 wakati kwenye ramani sasa kuna hatua za 5. Oktaili lazima ijengwe kwa gharama ndogo kuliko zote zilizopo kwenye ramani, yani hapa 7 na 5 badala ya 14 na 10. Ukifanya hivyo barabara inapata 44 na uwanja 45, na njia ya 51 inapatikana. Hasara yake ni kwamba uwanjani ambako hakuna barabara makadirio yanakuwa madogo mno, A-star inatawanyika na kufungua visanduku vingi zaidi. Kama barabara ni chache njia rahisi zaidi ni kugeuza hesabu, barabara ndo iwe 10 na uwanja wa kawaida uwe 20. Kwa hesabu ni kitu kile kile ila kichwani inakaa vizuri: kisanduku rahisi kuliko vyote ndo kipimo, vingine vyote vinapanda kutoka hapo, na hutahitaji kugusa `h` ukiongeza tope au msitu.

Wanaotumia `AStarGrid2D` iliyomo ndani ya Godot 4 wasidhani wamepona. Pale kuna vitu viwili tofauti, `default_compute_heuristic` inayotoa gharama ya hatua na `default_estimate_heuristic` inayotoa makadirio. Ukiacha ya kwanza kwenye `HEURISTIC_EUCLIDEAN` afu ya pili ukaiweka `HEURISTIC_MANHATTAN` ukiwa unaruhusu mshazari, umeitengeneza hitilafu hii hii kwa mikono yako. Weka zote `HEURISTIC_OCTILE` uendelee na maisha. Na uzito wa kisanduku ukiuweka chini ya 1 kwa `set_point_weight_scale` unarudia kisa cha barabara.

Sasa utajuaje kama gemu yako ina hii shida maana kwa macho ni ngumu? Kipimo ninachokiamini ni kuifanya `h` irudishe 0. Ukifanya hivyo A-star inageuka kuwa Dijkstra, inafungua visanduku kila upande kama maji yanavyotanda, polepole, lakini jibu lake ni sahihi siku zote mradi gharama zisiwe hasi. Tengeneza ramani za kubahatisha, chagua mwanzo na mwisho wa kubahatisha, endesha mara mbili, moja `h` yako moja `h` ya 0, linganisha gharama ya mwisho. Usilinganishe njia zenyewe, linganisha gharama, maana njia mbili tofauti zinaweza kuwa na bei moja na zote ni sahihi. Gharama zikitofautiana hata mara moja, una kosa. Na ukichapisha ramani ile iliyotofautiana, ukaipunguza kidogo kidogo mpaka ibaki ndogo ya kuhesabu kwa mkono, ndo utaona kama ilivyoonekana kwenye ile ya ukuta wa visanduku viwili.

Nilisema nitarudi kwenye kona. Msimbo wa jamaa mwanzoni ulikuwa unaangalia kisanduku anachoingia tu, kama ni wazi anaruhusu. Matokeo yake mchezaji akijenga ukuta wa kimshazari, maadui wanapenya katikati ya vitofali viwili vinavyogusana kwa ncha, na hata kwenye ukuta wa kawaida bega la askari linazama kwenye kona. Kinachotakiwa ni hiki ndani ya mzunguko wa majirani:

```gdscript
if dx != 0 and dy != 0:
    if imezibwa(p + Vector2i(dx, 0)) or imezibwa(p + Vector2i(0, dy)):
        continue
```

Hapo `dx` na `dy` ni mwelekeo wa hatua, na `imezibwa` ni fanksheni yake inayouliza kama kisanduku kina kizuizi. Hiyo `or` ina maana yake, ukiweka `and` utazuia tu kule kupenya kati ya vitofali viwili, bega bado litazama. Kwenye `AStarGrid2D` kinachofanana na hii ya `or` ni `DIAGONAL_MODE_ONLY_IF_NO_OBSTACLES`, na kumbuka ya kuanzia ni `DIAGONAL_MODE_ALWAYS` ambayo inapita kote.

La mwisho kwenye kisa hiki lilikuwa gemu kukwama kidogo kila mchezaji akibonyeza ndani ya ngome iliyofungwa. Hapa A-star haina kosa lolote ila haina namna ya kujua kwamba hakuna njia mpaka imalize kufungua kila kisanduku inachoweza kufikia. Ramani ya 96 kwa 96 ni visanduku 9,216, ukichagua askari 20 ukawatuma pamoja ni utafutaji 20 wa namna hiyo, karibu visanduku laki moja na themanini elfu ndani ya frem moja, na kwa frem 60 kwa sekunde una kama milisekunde 16 tu za kufanya kila kitu. Makadirio yawe mazuri namna gani hapa hayasaidii, mwisho haufikiki kwa hiyo hakuna cha kuelekea.

Tulichofanya ni kuzipa sehemu za ramani namba kabla ya kutafuta. Unaanza kisanduku chochote kilicho wazi, unatandaa kwa majirani wote kwa kanuni zile zile za kutembea, wote unawapa namba 1, afu unahamia kisanduku wazi ambacho hakijapata namba unawapa 2, hivyo hivyo mpaka ramani iishe. Amri ikija unalinganisha namba ya alipo askari na namba ya alikotumwa, zikitofautiana unajua papo hapo hafiki, unamtafutia kisanduku cha karibu zaidi na alikobonyeza mchezaji chenye namba sawa na yake, halafu ndo unaita A-star. Ukuta ukijengwa au kubomolewa unazipanga upya namba, kazi ya mara moja badala ya kila amri.

Geti la ngome lenye upana wa kisanduku kimoja bado linawapa foleni askari wake 20, wanasukumana pale mlangoni. Hilo ameliacha kwa sasa, kwa sababu A-star inaiona ramani kama ilivyo dakika ile na askari wenzake haiwahesabu kama vizuizi. Ukiwahesabu, wa nyuma wataona geti limezibwa na watatafuta kuzunguka ramani nzima wakati mwenzao anapita kwa nusu sekunde. Kwa hiyo njia wanapangiwa kwa kuta tu, na anayekuta mwenzake mbele anasubiri kidogo, asipoona nafasi ndo anaomba njia upya.